Maji ya kifua yanayorudi, na vumbi la mwaka 1974

"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 71, tunaishi Nyakato, Mwanza. Kuanzia 1974 hadi 1986 alikuwa fundi wa injini kwenye meli za ziwani. Hajawahi kuvuta sigara. Mwaka jana kifua upande wa kulia kilijaa maji, akatolewa, akapewa dawa za TB miezi sita na akazimaliza zote. Maji yamerudi. Sasa daktari mwingine ametaja mesothelioma na anauliza habari za asbesto. Ni miaka 40 tangu baba aache kazi ile. Inawezekanaje vumbi lingoje muda wote huo? Mama ndiye aliyekuwa akifua ovaroli zake, na nyumba yetu imeezekwa mabati ya asbesto. Je, na sisi tumeshaathirika?"

Marahaba, binti yangu, na poleni sana na kuuguza.

Hesabu yako ya miaka 40 umeianzia siku mzee alipoacha kazi. Kwa ugonjwa huu tunaanza kuhesabu siku mtu alipovuta vumbi lile mara ya kwanza. Kwa baba yako ni 1974, kijana wa miaka 19, kwa hiyo ni miaka 52. Mesothelioma haijitokezi kabla ya miaka 20 ila kwa nadra sana. Wengi hugunduliwa kati ya miaka 30 na 50 baada ya vumbi la kwanza, na wengine huvuka hapo. Ndiyo maana daktari huyo wa pili, alipomwona mzee wa miaka 71 mwenye maji ya kifua upande mmoja yasiyokubali dawa, aliuliza juu ya kazi ya ujana. Aliuliza swali sahihi. Bado halijawa jibu, na nitakueleza kwa nini.

Suala la sigara nilimalize mapema. Mesothelioma si kansa ya mapafu yenyewe. Pafu limevikwa utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani nao umevikwa utando kama huo, na kati ya hizo mbili kuna maji kidogo ya kulainisha ili pafu liteleze mtu anapopumua. Kansa hii huota kwenye utando huo. Sigara haiuleti ugonjwa huu wala haiuongezi. Sigara ikikutana na asbesto huongeza sana kansa ya pafu lenyewe, na hapo ndipo watu huchanganya mambo. Kwa hiyo kwamba baba hakuvuta ni jambo jema, lakini halimtoi kwenye orodha.

Sasa vumbi. Asbesto ni jiwe, ila ni jiwe la ajabu: ukilisugua halitoi mchanga, linatoa nyuzi. Kila unyuzi hupasuka kwa urefu ukawa nyuzi nyembamba zaidi, hadi unywele wa kichwani unakuwa mnene kuliko unyuzi mmoja mamia ya mara. Kwa wembamba huo zinapita puani, zinapita kooni, zinafika kwenye vifuko vya mwisho vya pafu. Nyingi hutolewa na makohozi. Baadhi hupenya na kuhamia kwenye utando.

Hapo kwenye utando ndipo kuna kitu ambacho ukikielewa utaelewa ugonjwa wote. Yale maji ya kulainisha hutengenezwa na kuondolewa kila saa, na njia yake kuu ya kutokea ni vitundu vidogo sana vilivyo kwenye utando wa upande wa ukuta wa kifua. Fikiria wavu wa dagaa. Kilicho kifupi na chembamba kinapita, kilicho kirefu kinanasa. Nyuzi fupi za asbesto hupita kwenye vitundu na kwenda zake. Nyuzi ndefu hukwama mlangoni, na pale pale zinabaki.

Mwili unazo seli ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Seli hizo huufuata unyuzi na kujaribu kuumeza, lakini unyuzi ni mrefu kuliko seli yenyewe, kama mamba aliyemeza nusu ya boriti. Seli haiwezi kufunga kinywa. Basi inabaki wazi, inamwaga kemikali zake kali za kuunguza vijidudu, kisha inakufa. Inakuja nyingine, nayo hivyo hivyo. Asbesto ya bluu na ya kahawia haziyeyuki mwilini kwa miongo. Nyeupe huvunjika mapema zaidi, ila haikosi hatia, kwa sababu fundi wa wakati ule alivuta nyingine kesho na keshokutwa. Kwa hiyo mahali padogo sana, kwenye vitundu vile, kunakuwa na jeraha lisilopona, miaka nenda miaka rudi, bila maumivu na bila dalili yoyote. Baba yako alikuwa anakula ugali na sato, analea ninyi, na moto ule mdogo unawaka.

Lakini jeraha si kansa. Ili seli ya utando igeuke, lazima ipoteze jeni kadhaa ambazo kazi yake ni kuizuia isizaliane ovyo. Kansa nyingine mara nyingi hupata jeni moja iliyokwama kwenye mwendo kasi. Hii kwa kawaida huzaliwa kwa kukatika breki, moja baada ya nyingine, katika ukoo mmoja wa seli. Breki moja ikikatika leo, nyingine inaweza kukaa miaka kumi au kumi na mitano ndipo ikatike, na seli nyingi zilizoharibiwa hufa njiani kabla ya kufika popote. Ikishapatikana moja iliyopoteza za kutosha, nayo huzaliana miaka kadhaa ikiwa ndogo kiasi kwamba hakuna picha inayoiona.

Ndiyo maana hatari hupanda jinsi miaka inavyokwenda, hata kama mtu hajagusa asbesto tena. Watafiti waliofuatilia wafanyakazi wa asbesto waliona kwamba haipandi kwa kujumlisha. Aliyefikisha miaka 40 tangu vumbi la kwanza hana hatari mara mbili ya yule wa miaka 20. Anayo karibu mara kumi. Ndiyo maana pia aliyeanza kazi akiwa na miaka 19 yuko pabaya kuliko aliyeianza na miaka 45: wa pili mara nyingi hufa kwa mengine kabla saa haijagonga. Na bado, hata kati ya waliofanya kazi nzito kabisa ya asbesto, walio wengi hawaupati kamwe. Hilo nalo uliweke moyoni.

Kuna dalili moja ambayo mara nyingi ndiyo inayoleta mgonjwa kwetu, nayo inatoka kwenye vitundu vile vile. Uvimbe ukishaanza kutambaa kwenye utando unaviziba. Maji yanaendelea kutengenezwa, njia ya kutokea imefungwa. Kifua kinajaa.

Na hapo TB inaingia. Mwanza, kama kwingine kwetu, mtu akija na maji upande mmoja wa kifua, amepungua uzito na anapata homa za jioni, daktari anafikiri TB kwanza, na mara nyingi huwa sahihi. Kibaya ni kwamba maji ya magonjwa haya mawili yanafanana mno. Yote yana protini nyingi, yote yanajaa seli nyeupe za aina moja. Kipimo cha vinasaba vya TB, kinachofanya vizuri kwenye makohozi, kwenye maji ya kifua hukosa wagonjwa wengi wa kweli, kwa hiyo jibu la "hakuna TB" halimzuii daktari kuanza dawa. Simlaumu aliyeanza. Ninachosema ni kwamba maji ya TB yanatakiwa kukauka dawa zikifanya kazi, kwa wengi ndani ya wiki chache hadi miezi michache. Mgonjwa aliyemeza dawa zote za miezi sita na maji yakarudi amekwisha kutupa dokezo ambalo maabara haikutupa.

Jambo hili lina historia, na historia yake ni ya Afrika. Mwaka 1956 daktari wa patholojia huko Johannesburg, Wagner, alifungua kifua cha marehemu aliyedhaniwa alikuwa na TB ya utando wa mapafu, akakuta uvimbe uliolizunguka pafu lote. Wakati huo huo Kimberley, mji mwingine wa Afrika Kusini, kulikuwa na hospitali ya TB iliyosimamiwa na daktari Sleggs. Alikuwa ameona jambo lisilomkalia sawa: wagonjwa wa maji ya kifua waliotoka upande mmoja wa nchi walipona kwa dawa za TB, waliotoka upande wa magharibi, kwenye machimbo ya asbesto ya bluu, hawakupona. Wakaketi pamoja, na mwaka 1960 wakachapisha habari za wagonjwa 33. Karibu wote walikuwa wamekutana na asbesto ile, na wengi hawakuwa wachimbaji. Walikuwa watoto waliokulia karibu na migodi, wakaondoka, wakawa watu wazima wa kazi nyingine kabisa. Kila mara ninapoona faili lenye maneno "amemaliza dozi, maji yamerudi", namkumbuka Sleggs.

Sasa tufanye nini kwa mzee. Jambo la kwanza halina gharama: kukaa naye jioni moja na daftari. Lakini usimwulize "baba, uliwahi kufanya kazi na asbesto?" Swali hilo halifai. Mafundi wa wakati ule hawakuambiwa jina hilo, na atakujibu hapana kwa moyo safi.

Nilikuwa na mgonjwa, mzee wa Igogo, umri kama wa baba yako, naye fundi wa meli. Nilimwuliza hivyo hivyo kipumbavu, akasema hapana. Wiki iliyofuata nikabadilisha. Nikamwambia: mzee wangu, lile bomba la moshi linalotoka kwenye injini, mbona halikuwaunguza mlipopita? Akacheka. "Si lilikuwa limevikwa!" Limevikwa nini? Akaanza kueleza kwa mikono. Meli ikipandishwa kwa matengenezo, kazi ya kwanza ilikuwa kubandua gamba la zamani juu ya mabomba kwa nyundo na tindo. Gamba likivunjika lilitoa vumbi jeupe, laini, kama unga wa muhogo. Kisha walifungua mifuko ya unga mkavu, wakaumwaga kwenye pipa, wakatia maji na kuukanda kwa mikono mpaka ushikane kama udongo wa kusiriba nyumba, wakapaka bomba, wakafunga kwa mkanda wa kitambaa cheupe, wakapiga rangi. Yeye alikuwa mdogo kuliko wote, kwa hiyo kufagia ilikuwa kazi yake. "Jua likiingia kwa kile kitundu cha juu," akaniambia, "ungeona vumbi linametameta, kama magamba ya dagaa." Alifanya hivyo miaka mitatu tu, kisha akahamia sitahani.

Miaka mitatu ilitosha. Chumba cha injini ni kidogo, hakina upepo, na kubandua gamba kavu ni kati ya kazi zinazorusha nyuzi nyingi kuliko zote.

Kwa hiyo muulize baba vitu vya mkononi. Mabomba na boila zilivikwa nini, na nani alibandua? Gasketi walikata wenyewe kutoka kwenye shiti? Kamba nyeupe za kuziba milango ya tanuru walizishika? Walisafishaje chumba, kwa ufagio au kwa upepo wa kompresa? Muulize na kazi za kabla na baada: karakana za reli, vinu vya pamba vyenye mvuke, breki za malori, ujenzi. Andika mwaka, mahali, kazi aliyoifanya kwa mikono yake, na ilidumu muda gani. Karatasi hiyo iende ndani ya faili lake. Itamsaidia daktari wa patholojia, na mkifika kuuliza habari za fidia ndiyo itakayotakiwa kwanza. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umezaliwa na sheria ya 2008 na kazi ya baba iliisha 1986, kwa hiyo waulizeni ana kwa ana kabla ya kujenga tumaini.

Lakini karatasi haimhukumu mtu. Historia ya asbesto inaongeza shaka, na kansa inathibitishwa na kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa mwilini na kupimwa maabara. Mzee wa Igogo alitolewa maji lita moja na robo, mekundu kama chai ya rangi. Yakapelekwa kutafuta seli za kansa, jibu likaja: hakuna. Yakatolewa tena, jibu lile lile. Familia ikafurahi, nikalazimika kuwaambia wasifurahi bado. Seli za mesothelioma zikielea kwenye maji zinafanana na seli za kawaida za utando zilizokasirika, na mara nyingi hazielei kabisa. Maji yakionyesha kansa ni habari. Yasipoonyesha, hujajua lolote.

Picha ndiyo iliyotuongoza. Maji mengi kwa kawaida husukuma moyo kwenda upande wa pili. Kwake upande wa kulia ulikuwa mweupe nusu nzima, lakini moyo haukusogea, kana kwamba umefungwa kamba. Tulipoyatoa maji, pafu halikupanda kujaza nafasi. Picha ya CT ikaonyesha utando umenenepa kwa vinundu, zaidi ya sentimita moja, ukizunguka pafu kama ganda, hadi upande unaotazama moyo. TB nayo hunenepesha utando, ila mara chache kwa namna hiyo. Kinyama cha kwanza, kilichochukuliwa kwa sindano, kikasema "kovu na uvimbe wa kawaida": sindano ilikuwa imechota pembeni. Tukarudia, safari hii kwa kuingiza kamera ndogo kifuani na kuchukua vipande vikubwa kutoka kwenye vinundu vyenyewe. Ndipo tukapata.

Kwa baba yako basi, usiridhike na jibu la maji. Omba picha ya CT kama haijapigwa, na omba kinyama cha utando kichukuliwe kwa kuongozwa na ultrasaundi au kwa kamera. Kinyama hicho kipimwe TB pia, maana inawezekana kabisa ikawa TB sugu kwa dawa, au kansa iliyotoka kwenye pafu au kwingineko, na kila moja ina tiba yake. Mesothelioma haitambuliki kwa rangi za kawaida za maabara pekee. Inahitaji kupakwa rangi za kingamwili, kadhaa kwa pamoja, zinazotofautisha utando na pafu. Ulizeni kama zinafanyika hapo hapo au kinyama kitasafirishwa. Na ulizeni kitofali cha nta chenye kinyama kinahifadhiwa wapi. Nimeona wagonjwa wakichomwa upya kwa sababu hakuna aliyejua kitofali kiko kabati gani.

Ikithibitika, nitakuambia kama ningemwambia mdogo wangu. Ugonjwa huu hatuuponyi. Wengi huishi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tangu kugunduliwa. Wachache huishi miaka kadhaa, hasa wenye aina ambayo seli zake zimepangika kama za utando wa kawaida. Aina ya seli ndefu kama nyuzi huenda haraka. Jibu la patholojia litataja aina, msiache kuliuliza.

Kinachombadilishia mzee maisha mapema kuliko dawa yoyote ni kuyadhibiti maji. Kutoa leo na kurudi baada ya wiki mbili, tena na tena, kunamchosha na kugawanya kifua vyumba vyumba, hadi sindano haipati tena cha kutoa. Kama pafu bado linapanda maji yakitoka, tunaweza kutia unga wa talki ili tando mbili zishikane na maji yakose pa kukaa. Kama halipandi, talki haisaidii. Hapo mrija laini unaoachwa kifuani na kufunguliwa nyumbani ni bora. Kwa vyovyote maji yasitolewe zaidi ya lita moja na nusu kwa mkupuo, na akianza kukohoa sana au kifua kubana wasimamishe.

Dawa za kansa za dripu, pemetreksedi pamoja na sisplatini, zilipimwa na matokeo yakatoka 2003: waliopata zote mbili waliishi kwa wastani miezi 12, waliopata sisplatini peke yake miezi 9. Lazima apewe vitamini B12 na asidi ya foliki kabla na wakati wa dawa, vinginevyo pemetreksedi inamwumiza bure. Dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili zilionyesha mwaka 2020 kuishi miezi 18, dhidi ya 14 ya waliopata dawa za kansa za kawaida. Bei yake ni nzito, na sipendi kumwona mtu anauza kiwanja kwa ajili ya miezi minne bila kuelezwa kwamba ni wastani wa miezi minne. Kuhusu operesheni kubwa ya kubandua utando, utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba waliofanyiwa hawakuishi zaidi ya waliopata dawa peke yake, na walipata madhara mengi zaidi. Akitokea mtu wa kuwaambia mmpeleke mzee nje kwa operesheni hiyo, mwulizeni kuhusu matokeo hayo kwanza. Hospitali ya Bugando hapo Mwanza wanayo huduma ya saratani. Anzieni huko, na hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ikihitajika mtapewa rufaa. Maumivu ya kifua na bega yakija, ombeni morfini ya kunywa bila aibu. Haiharakishi kifo ikitolewa ipasavyo, na anayelala usiku anakula asubuhi.

Nije kwa mama. Kufua ovaroli zilizojaa vumbi si jambo la kupuuza. Mwaka 1965 huko London, kati ya wagonjwa 76 wa mesothelioma, 9 hawakuwa wamefanya kazi ya asbesto hata siku moja, ila waliishi na mtu aliyeifanya, na kisa cha kawaida kilikuwa mke aliyefua nguo za mumewe. Kwa hiyo hatari ya mama ipo, ni ndogo kuliko ya baba, na yenu mliokuwa watoto ni ndogo zaidi. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kila mwaka iliyothibitika kuokoa maisha kwa mtu asiye na dalili, msiuziwe. Kama picha ikionyesha mabaka ya chokaa kwenye utando, hayo ni alama kwamba vumbi lilipita, si kansa na hayageuki kuwa kansa. Ila mama akianza kukosa pumzi au kifua kuuma upande mmoja kwa zaidi ya wiki tatu, sentensi ya kwanza kwa daktari iwe: "Nilifua nguo za fundi wa meli miaka 12."

Na paa. Bati la asbesto ni saruji iliyochanganywa na nyuzi, na likiwa zima nyuzi zimeshikwa. Kulala chini yake hakuwezi kulinganishwa na kubandua gamba ndani ya chumba cha injini. Tatizo ni likiguswa. Msilisugue kwa brashi ya waya ili kupaka rangi, msilikate kwa grainda, msilitoboe kavu, wala vipande vilivyovunjika msivisage kujaza njia, wala msiviezekee banda la kuku. Maji ya mvua mnayokinga yasiwakoseshe usingizi, hatari iliyothibitika iko kwenye kuvuta. Likichoka kiasi cha kutolewa, liloweshwe kwanza, mabati yafunguliwe mazima mazima, yashushwe kwa mkono bila kurushwa, yafungwe kwenye plastiki nene, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndio wa kuwaambia yapelekwe wapi. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi. Watoto wasiwepo siku hiyo.

Msisubiri tarehe ya kliniki kama mzee anashindwa kumaliza sentensi bila kupumzika, akilazimika kulala ameketi, akipata homa kali baada ya kutolewa maji, au kikitokea kinundu pale sindano ilipoingia. Hicho cha mwisho mtu hukidharau akidhani ni kidonda. Huenda ni uvimbe unaofuata njia ya sindano, na daktari anatakiwa kukiona.

Halafu lile daftari. Anza nalo kesho, mzee akiwa na pumzi ya kusimulia. Mwulize nani alikuwa anafagia.